Uso mweupe kwenye picha za harusi: mkosaji si namba ya SPF

*"Dada, naomba msaada. Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Majengo, Mombasa. Juzi nilimpamba bi harusi kwa usiku wa kupamba. Kwenye kioo alitoka mzuri, na hata simu yangu bila fleshi ilimtoa vizuri. Picha za mpiga picha zilipokuja, uso wote umepauka, shingo na mikono ni rangi yake, na chini ya macho ndiyo kumezidi, ni weupe mtupu. Nilimpaka sanskrini ya SPF 50, faundesheni yenye SPF 15 na poda ile isiyo na rangi. Mwezi ujao nina harusi nyingine, picha za alasiri ufukweni Nyali halafu ukumbini usiku. Nitumie nini?"*

Mdogo wangu, kabla hujatupa kopo lolote, zirudie zile picha uziangalie tena, maana nusu ya jibu imo humo. Umenitajia weupe wa aina mbili. Upo ule ulioenea uso mzima sawasawa na kukatika kwenye taya, na upo ule uliokaa chini ya macho peke yake, mkali zaidi. Hiyo si kasoro moja. Weupe ulioenea unatoka kwenye kitu ulichokipaka uso mzima, yaani sanskrini au faundesheni. Weupe wa madoa chini ya macho, pembeni mwa pua na katikati ya paji unatoka mahali ulipokandamiza poda. Kwa maelezo yako, bi harusi wako alipatwa na vyote viwili, kimoja juu ya kingine.

Wapambaji wengi watakwambia ni SPF, na kwamba namba ikiwa kubwa uso unazidi kuwa mweupe. Wengine wataongeza kuwa fleshi inatoa miale ile ile ya jua na sanskrini inairudisha kwenye kamera. Maelezo hayo yanavutia lakini hayasimami. Miale inayounguza ngozi haionekani kwa macho, na kamera ya kawaida imetengenezwa iizuie. Lenzi inaipunguza, na kichujio kilichowekwa mbele ya kihisi kinamalizia kazi. Weupe unaouona kwenye picha ni mwanga wa kawaida wa fleshi, huu unaoonekana, uliogonga chembe ngumu nyeupe usoni na kurudi. Ndiyo maana utakuta sanskrini ya SPF 50 isiyoleta weupe hata kidogo, na krimu ya SPF 15 inayompaukisha mtu kabisa. Namba inakueleza nguvu ya kinga. Haikuelezi kinga hiyo imetengenezwa kwa nini.

Na hapo ndipo penye tofauti. Sanskrini ziko za namna mbili. Namna ya kwanza inatumia unga wa madini, titaniamu dioksaidi au zinki oksaidi. Titaniamu dioksaidi ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye rangi nyeupe ya ukutani, kwa sababu ina uwezo mkubwa wa kutawanya mwanga. Kila kitu kinachopitisha mwanga kina kiwango chake cha kuupinda. Hewa ni 1.0, mafuta ya kujipaka ni kama 1.45, zinki oksaidi ni kama 2.0, na titaniamu dioksaidi inapita 2.5. Kadiri chembe inavyotofautiana na kile kilichoizunguka, ndivyo inavyorudisha mwanga kwa nguvu. Chembe ya titaniamu ndani ya krimu iko mbali sana na krimu yenyewe, kwa hiyo itarudisha mwanga hata ikiwa imezama kwenye mafuta. Viwanda huisaga iwe ndogo mno ili isionekane, na hilo linasaidia, lakini chembe ndogo hupenda kushikana na kufanya mabonge, na bonge linarudi kuwa jeupe.

Namna ya pili inatumia vichujio vya kikemikali, kama avobenzoni, homosaleti na oktokrileni. Hivi vimeyeyuka ndani ya krimu, havina chembe. Vinaifyonza miale ya jua, na mwanga wa fleshi unavipita kama havipo. Kwa ajili ya picha za usiku, hii ndiyo namna unayoitaka.

Tuje kwenye poda, kwa sababu naona wapambaji wengi wanailaumu sanskrini huku mkosaji mkubwa amekaa mkononi mwao. Poda ile isiyo na rangi, inayouzwa kwa jina la HD au kwa ahadi ya kuficha vinyweleo, mara nyingi ni silika, na nyingine ni silika tupu bila kitu kingine. Kiwango cha silika cha kuupinda mwanga ni kama 1.46, karibu sawa na mafuta. Ndiyo maana ukiisugua kwenye kidole chenye mafuta dukani, inapotea, nawe unaondoka ukiamini haina rangi kweli. Lakini chini ya macho huiweki ndani ya mafuta. Unaiweka kavu, juu, na kila chembe imezungukwa na hewa. Unalijua gazeti lililofungiwa viazi karai: pakavu ni peupe, palipoingia mafuta pamekuwa kama kioo, na karatasi ni ile ile. Silika kavu ni kama pale pakavu. Kwa mwanga wa chumbani huioni, kwa fleshi inang'aa. Na ukiiacha nene dakika kumi chini ya macho ndipo uipangue, kama mtindo ulivyo siku hizi, unaacha mrundo wa chembe kavu palepale ambapo lenzi inapaangalia zaidi.

Hili halijaanza Majengo. Mei 2014 Angelina Jolie alipigwa picha kwenye zulia jekundu New York akiwa na poda nyeupe puani na mashavuni, na picha zile zilizunguka dunia nzima.

Kwa nini kioo hakikukuonyesha? Kwa sababu ya mahali mwanga unapotokea. Saluni mwanga unatoka kila upande, taa za juu, dirishani, ukutani, na unachokirudishiwa na zile chembe ni sehemu ndogo tu ya mwanga huo. Fleshi iliyo juu ya kamera, au ile ya simu iliyo karibu kugusana na lenzi, inapiga uso moja kwa moja, na mwanga unaorudi unapita njia ile ile uliyoendea, yaani ndani ya lenzi. Ukumbi nao ukiwa na giza, fleshi ndiyo mwanga pekee unaohesabika. Na kwa ngozi ya maji ya kunde au nyeusi kasoro inaonekana zaidi, kwa sababu chembe nyeupe zinashindana na rangi iliyo mbali nazo. Ndiyo maana kwenye picha zako mikono yenye hina na piko imetoka rangi yake kamili, kisha uso kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Sasa kazi ya mikono. Usibuni ni bidhaa gani, zipime. Chukua ndani ya mkono wako, kuanzia kifundo kwenda kwenye kiwiko, safisha, kisha paka mistari minne ya upana wa vidole viwili, ukiacha nafasi katikati. Wa kwanza sanskrini peke yake. Wa pili faundesheni peke yake, uliyochagua kwa rangi ya mkono huo, la sivyo utaipima tofauti ya rangi badala ya weupe. Wa tatu poda juu ya losheni kidogo. Wa nne vyote vitatu kwa mpangilio ulioutumia kwa bi harusi. Paka kwa unene ule ule wa usoni, usiwe na huruma. Subiri kama dakika ishirini vikauke. Kisha ingia chumba chenye giza, mwambie mtu asimame kama mita moja na nusu mbele yako na simu, aweke fleshi kwenye kuwashwa, asiiache kwenye hiari ya simu, na apige kwa kamera ya nyuma. Kamera ya mbele haifai hapa, kwa kuwa nyingi huwasha kioo cha simu tu. Halafu apige nyingine bila fleshi, mahali penye mwanga wa dirisha. Ziweke picha mbili kando kwa kando. Mstari ambao umefanana na ngozi kwenye ya dirishani lakini umeruka mweupe kwenye ya fleshi, huo ndio mkosaji.

Tufuate vitu vyako vitatu. Tuseme mstari wa sanskrini umetoka wa kijivu uliosambaa, wa faundesheni umepauka kidogo tu, wa poda umetoka mweupe mkali wenye kingo, na wa nne ni mbaya kuliko yote. Nami nadhani ndivyo utakavyoona. Maana yake faundesheni ungeweza kubaki nayo kwa dharura, lakini sanskrini na poda hazitakiwi kwenye meza ya usiku. Kama mstari wa sanskrini utatoka safi, basi huenda ni ya kikemikali, na weupe ulioenea uso mzima utafute kwenye faundesheni, au kwenye poda uliyopitisha uso mzima kwa brashi kubwa mwishoni. Kipimo hiki kina mpaka wake. Fleshi ya simu ni dhaifu kuliko ya kamera ya mpiga picha, kwa hiyo kilichofeli kwa simu kitafeli ukumbini, lakini kilichofaulu kwa simu bado hakijathibitishwa. Kama mpiga picha wa harusi ya mwezi ujao ni mtu mnayeelewana, mwombe akupigie mkono huo kwa kamera yake.

Dukani, soma nyuma ya kopo. Titaniamu dioksaidi mara nyingi imeandikwa kwa namba ya rangi, CI 77891, na zinki oksaidi CI 77947. Lakini usiikimbie faundesheni kwa kuwa umeiona CI 77891. Karibu kila faundesheni inayo, kwa sababu ndiyo rangi nyeupe inayochanganywa na nyekundu, njano na nyeusi za madini ya chuma ili kupata rangi ya ngozi. Hapo haikuwekwa kuwa kinga, na hizo rangi nyingine zinaifunika. Kinachokuhusu ni kama imewekwa kwa wingi kuwa kinga ya jua. Bidhaa zilizotengenezewa soko la Marekani huandika vichujio vya jua peke yake juu kabisa, na asilimia ya kila kimoja, kwa hiyo ukisoma zinki asilimia 15 umeshajua. Bidhaa za Ulaya haziandiki asilimia, ila viambato vinapangwa kuanzia kilicho kingi, na ni vile tu vilivyo chini ya asilimia 1, pamoja na rangi, ndivyo vinavyoweza kupangwa ovyo mwishoni. Titaniamu ikikaa mstari wa kwanza au wa pili pamoja na maji, hiyo ni kinga. Ikiwa mwisho kabisa pamoja na CI 77491, 77492 na 77499, hiyo ni rangi. Kwa poda angalia neno silika: likiwa la kwanza, au liko peke yake, iache dukani. Na poda ya mtoto, ambayo najua bado inatumika kwenye saluni zetu, ni nyeupe toka mwanzo, haijawahi kutengenezewa picha.

Kwa harusi yako ya Nyali, ninavyofanya mimi ni kutenganisha kinga na rangi. Faundesheni iwe haina SPF kabisa. Hupotezi kitu, kwa sababu kinga iliyoandikwa kwenye kopo hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, ambayo kwa uso ni kama robo ya kijiko cha chai, na hakuna bi harusi anayepakwa faundesheni nene namna hiyo. Ile SPF 15 yako huenda ilikuwa inamletea weupe huku kinga anayopata ni kidogo. Kinga ya kweli iwe sanskrini ya kikemikali, robo kijiko usoni na nyingine shingoni na masikioni, ipakwe ngozi ikiwa safi, na uiache dakika kumi na tano hivi kabla ya kitu kingine. Ukianza faundesheni mapema itaviringika vidonge vidonge chini ya sponji, ukafikiri praima ndiyo mbovu.

Kuna jambo moja la avobenzoni ambalo wapambaji hawaambiwi. Ikiingia kwenye kitambaa cheupe kisha kikafuliwa kwa maji yenye madini ya chuma, hutoa madoa ya manjano yanayofanana na kutu. Shingo na mabega ya bi harusi yaache yakauke vizuri kabla hajavaa, na uweke taulo begani wakati unapaka. Na kama ngozi yake inawashwa na sanskrini za kikemikali, wako wenye ngozi hiyo hasa kuzunguka macho, usimlazimishe. Mpake ya zinki yenye rangi ya ngozi kwa picha za alasiri, mwanga wa jua ukiwa ndio taa hutaona shida, kisha kabla ya ukumbi umsafishe uso na umpake upya. Ni kazi, lakini ni saa moja tu, na jua la Mombasa huzama saa kumi na mbili jioni na dakika zake mwaka mzima. Baada ya hapo hana haja ya kinga yoyote.

Poda iwe yenye rangi, inayokaribia ngozi yake au ya njano iliyoiva kwa chini ya macho, na uiweke kidogo kwa sponji yenye unyevu, ukikandamiza, usirundike. Ukimaliza, nyunyiza dawa ya kushikilia mekapu kutoka urefu wa mkono, kisha kandamiza tena kwa sponji. Unyevu ule unaingia kati ya chembe na kuziunganisha na krimu iliyo chini, hewa inatoka, na weupe unapungua. Hauponyi poda mbaya, unaitengeneza zaidi ile nzuri.

Ila hatari kubwa ya mji wetu inakuja baadaye. Bi harusi kafika ukumbini, joto, feni hazitoshi, anatoka jasho, na kila nusu saa kuna shangazi au somo anayemfuata na poda. Safu juu ya safu, zote kavu, na ikifika saa nne za usiku picha zimeanza kupauka ilhali za mwanzo zilikuwa safi. Ukiona kwenye albamu weupe unaongezeka kadiri usiku unavyokwenda, sababu ni hiyo, si mekapu ya mwanzo. Mpe mmoja wa dada zake pakiti ya tishu nyembamba. Kazi yake iwe kukandamiza jasho na mafuta yatoke, bila kusugua. Poda iguswe mara moja tu usiku kucha, kwa sponji, na iwe ile ile uliyoipima.

Na zungumza na mpiga picha siku kadhaa kabla, si mlangoni. Muulize fleshi yake inakaa wapi. Akiweza kuielekeza kwenye dari au ukuta, mwanga unarudi kwa bi harusi kutoka juu na pembeni, na sehemu kubwa ya tatizo inaondoka. Lakini mbinu hiyo inataka dari nyeupe na isiyo mbali. Kumbi zetu nyingi zinapambwa kwa vitambaa vya zambarau au dhahabu juu ya jukwaa, na mwanga ukigonga kitambaa hicho unarudi na rangi yake usoni. Hapo ni bora taa iwekwe pembeni kwenye stendi, yenye kifuniko cha kulainisha mwanga. Ufukweni alasiri usidhani umenusurika: wapiga picha wengi huwasha fleshi hata juani ili kuondoa kivuli cha macho na buibui au shela. Hapo jua linaipunguzia fleshi nguvu, lakini jua likianza kuzama, kwenye zile picha ambazo kila mtu anazitaka, fleshi inarudi kuwa ndiyo taa kubwa.

Simu za wageni huziwezi. Kwenye kupamba kwa wanawake ambako simu haziruhusiwi umepumzika, kwingine kote kila simu ni fleshi iliyobandikwa kando ya lenzi.

Kuhusu yule bi harusi wa juzi, mpigie mpiga picha kabla hajafuta kadi zake, umuulize kama alipiga kwa faili ghafi za kamera. Kama ndiyo, anaweza kuupunguza mwanga wa maeneo yaliyopauka na kurudisha rangi ya ngozi akiilinganisha na shingo. Kama alipiga JPEG peke yake, uso uliopauka kijivu bado una matumaini, lakini chini ya macho palipokuwa peupe kabisa hamna rangi iliyobaki ya kurudishwa, itabidi apapake upya kwa mkono, picha baada ya picha, na kazi hiyo mkubaliane kwanza nani ataigharimia.